Shajara ya vibao vya mitaa: ukutani au nguzoni, na mji ni upi?

Januari, mwanzoni

Kazi imeanza. Lengo ni kupata utaratibu wa kuutambua mji kwenye picha isiyo na maelezo, kwa kutumia kibao cha jina la mtaa. Picha nilizo nazo ni za mkusanyiko wa zamani: kadi za posta ambazo hazikutumwa, na picha za wasafiri ambao hawakuandika chochote nyuma. Nyingi ni nyeusi na nyeupe. Karibu kila moja ina kona ya mtaa, na kwenye kona kuna kibao, ila jina lenyewe mara nyingi halisomeki. Limekatwa na ukingo wa picha, au tawi limelifunika, au mpiga picha alikuwa mbali mno. Kwa hiyo swali langu ni hili: kibao kinatuambia nini kabla jina halijasomeka?

Nimefungua lahajedwali. Safu ya kwanza si rangi, ingawa wengi wangeanza na rangi. Safu ya kwanza inauliza kibao kimeshikwa na nini: ukuta, nguzo yake chenyewe, nguzo ya taa, au miguu miwili mifupi ardhini. Sababu ni ya kawaida kabisa. Kwenye picha isiyo na rangi, bluu ya Paris na nyekundu ya Praha zote ni kijivu cheusi, lakini ukuta unabaki ukuta.

Januari, mwishoni

Nimekaa na swali la ukuta na nguzo kuliko nilivyopanga, na nadhani limenilipa.

Kanuni ya kwanza inaeleweka kwa kuangalia tu. Pale nyumba zinapogusana na kusimama ukingoni kabisa mwa njia ya waenda kwa miguu, hakuna haja ya kuchimba shimo la nguzo. Ukuta upo tayari, tena kwenye kona yenyewe. Ndivyo ilivyo katikati ya Paris, Vienna, Praha na Roma. Pale nyumba zinaporudi nyuma na kuacha bustani au maegesho mbele yake, ukuta uko mbali mno na macho ya mpita njia, na nguzo inakuwa ya lazima. Ndivyo ilivyo sehemu kubwa ya Chicago na Los Angeles.

Kanuni hiyo ikiishia hapo, kibao hakiniambii mji. Kinaniambia tu kwamba mtaa una nyumba zilizobanana au una nyumba zenye nafasi, jambo ambalo ningeliona hata bila kibao. Ushahidi wa kweli unaanza pale kibao kinapokwenda kinyume na majengo. Ukiona majengo marefu ya ghorofa tano yamebanana, yamekaa ukingoni kabisa mwa njia, kuta zake ziko wazi, na bado jina la mtaa limewekwa juu ya nguzo, basi hapo kuna uamuzi wa mji. Mtu aliamua kutotumia ukuta. Berlin ni mfano mzuri kuliko yote ninayoijua, na New York pia, na Buenos Aires ya sasa. Orodha imeshuka kutoka dunia nzima hadi miji inayohesabika.

Nimeongeza safu inayouliza kama kibao na majengo vinakubaliana. Jibu la "hapana" ndilo ninalolitafuta.

London imenisumbua kidogo kwa sababu inafanya yote. Katikati ya mji kibao kiko ukutani, juu ya milango ya maduka. Ukienda kwenye mitaa ya makazi unakikuta chini, karibu na magoti, kimepigiliwa kwenye ukuta mfupi wa bustani au kimesimama kwa miguu miwili. Hicho cha chini chenye miguu ni alama ya Uingereza kwa jumla, si ya London peke yake. Kinachoitenga London ni herufi na namba ndogo za wilaya ya posta pembeni ya jina, kama vile N1 au SW3, na mara nyingi jina la halmashauri. Vibao vya Westminster, vya muundo uliotolewa na mbunifu Misha Black mwaka 1967, vina jina kwa herufi nyeusi kwenye nyeupe, na namba ya posta pamoja na maneno "City of Westminster" kwa nyekundu. Hata picha ikiwa haina rangi, mpangilio huo wa mistari unaonekana.

Februari

Mwezi wa vibao vya bluu vya ukutani. Hili ndilo kundi linalowachanganya watu wengi, kwa sababu kibao cha bati lenye enameli ya bluu na herufi nyeupe kipo Paris, Vienna, Brussels, Amsterdam na miji mingine mingi. Mtu akiona bluu anasema Paris. Nimeamua kuvitenganisha bila kutumia rangi kabisa, kwa kuangalia mstari mdogo, yaani yale maandishi ambayo si jina la mtaa.

Paris inajitambulisha kwa umbo. Kibao ni cha mstatili, lakini juu yake katikati kuna kipande kidogo kilichopinda kama nusu duara, na ndani yake namba ya wilaya: "4e Arrt", "14e Arrt". Mji una wilaya 20 tangu mwaka 1860, kwa hiyo namba haizidi hapo. Pembeni kuna ukingo wa kijani wenye mistari ya kivuli inayofanya kibao kionekane kama kina kina. Kwenye picha nyeusi na nyeupe, ukingo huo unaonekana kama fremu yenye rangi mbili za kijivu, na kile kipande cha juu kinaonekana hata herufi zikiwa zimefifia. Mji wa jirani unaopakana na Paris unaweza kuwa na bluu ileile na fremu ileile, lakini hauna wilaya, kwa hiyo hauna kipande cha juu.

Vienna haina kipande cha juu. Namba ya wilaya imo ndani ya mstari uleule wa jina, mbele yake, ikifuatwa na nukta na mkato: "1., Kärntner Straße". Nukta na mkato vikifuatana hivyo ni alama ndogo sana, lakini sijaona mji mwingine unaoandika hivyo, na naiona kuwa na nguvu kuliko rangi yoyote. Vienna ina wilaya 23. Kwa hiyo ukiona namba 22 mbele ya jina, Paris imeshaondoka mezani hata kabla ya kuitazama lugha.

Brussels ni rahisi: majina mawili kwenye kibao kimoja, Kifaransa na Kiholanzi. Hata kama husomi lugha hizo, angalia mpangilio. Kwa Kifaransa neno la "mtaa" linatangulia na jina linafuata, rue Haute. Kwa Kiholanzi jina linatangulia na neno la "mtaa" limegandishwa mwishoni, Hoogstraat. Kwa hiyo mstari mmoja una maneno mawili au zaidi, na mwingine una neno moja refu. Umbo hilo linaonekana kwa mbali kwenye picha mbovu. Tahadhari moja: mkoa wa Brussels una manispaa 19, na kila moja inaweza kuwa na kibao chake, hivyo bluu si sharti.

Helsinki nayo ina lugha mbili, lakini humo Kifini kiko juu na Kiswidi chini. Kwenye miji ya Finland ambako wengi ni wasemaji wa Kiswidi, mpangilio hugeuka. Hii imenipa kitu ambacho sikuwa nimekiwekea safu: lugha zilizopo ni ushahidi mmoja, na lugha iliyo juu ni ushahidi wa pili.

Machi, mwanzoni

Picha ya kwanza iliyonilazimisha kutumia utaratibu mzima. Naiandika kwa urefu kwa sababu kila hatua ilikuwa na kazi.

Ni picha nyeusi na nyeupe, haina tarehe. Kuna mwanamke amesimama mbele ya duka lililofungwa, na juu ya bega lake la kushoto kuna kona ya jengo. Kwenye kona, juu kidogo ya urefu wa mlango, kuna kibao cheusi chenye maandishi meupe. Upande wa kulia umekatwa. Kinachosomeka ni "8., Lange G".

Ukuta na majengo vinakubaliana: nyumba zimebanana, kibao kiko ukutani. Hapo sijapata mji, nimepata Ulaya ya nyumba zilizoshikana, na hata hiyo ni dhana tu. Kisha mstari mdogo: namba, nukta, mkato, vyote mbele ya jina. Hiyo ni Vienna, wilaya ya 8, ambayo ni Josefstadt. Herufi G inayofuata neno Lange inakubali "Gasse", neno la Kijerumani la mtaa mdogo, na Lange Gasse imo katika wilaya hiyohiyo ya 8. Namba ya wilaya na jina la mtaa vimethibitishana, na huo ndio uthibitisho ninaoutaka: vitu viwili vinavyotoka kwenye kibao kimoja lakini vinavyoweza kukaguliwa kila kimoja peke yake kwenye ramani.

Baadaye nikauliza kuhusu wakati. Kibao kina ardhi nyeusi na herufi nyeupe, na herufi ni za Kilatini za kawaida. Utaratibu wa zamani wa Vienna, ulioanza mwaka 1862, ulikuwa na vibao vyeupe vyenye herufi za Kijerumani zile zenye pembe nyingi, na fremu ya rangi iliyoonyesha wilaya. Bluu yenye herufi nyeupe ilikuja miaka ya 1920. Kwa hiyo picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo. Haimaanishi ni ya miaka ya 1920. Inaweza kuwa ya miaka ya 1950, na nguo za mwanamke ndizo zitakazoamua. Kibao kimeweka mpaka upande mmoja tu wa muda, na hilo limenitosha kuhamisha picha kutoka bahasha ya "haijulikani" kwenda bahasha ya Vienna.

Machi, katikati

Mwenzangu tunayefanya naye kazi hii aliuliza swali zuri: kwa nini nasema kibao kinaweka mpaka upande mmoja tu? Nimelijibu kwa London, kwa sababu huko ndiko linakoonekana wazi.

London iligawanywa katika wilaya za posta za herufi tupu mwishoni mwa miaka ya 1850: N, E, SW na kadhalika. Namba ziliongezwa mwaka 1917. Wilaya ya N.E. ilikuwa imeshafutwa mwaka 1866 na kuingizwa katika E. Sasa, picha ikionyesha kibao chenye "E8", picha hiyo ni ya baada ya 1917, na hapo hakuna mjadala. Lakini picha ikionyesha kibao chenye "N.E.", haisemi kwamba ni ya kabla ya 1866. Vibao vya aina hiyo bado vipo ukutani hadi leo, kwa sababu hakuna aliyehangaika kuviondoa. Kibao kipya kwenye picha kinakuambia picha haikupigwa kabla ya lini. Kibao cha zamani hakikuambii picha haikupigwa baada ya lini.

Na hapa tofauti ya ukuta na nguzo inarudi kwa namna ambayo sikuitarajia. Ukuta unatunza. Jengo likisimama miaka mia mbili, kibao chake kinaweza kusimama nalo. Paris bado ina kona zenye jina lililochongwa kwenye jiwe la ukuta katika karne ya 18, na kibao cha bluu kimepigwa juu au chini ya jiwe hilohilo. Nguzo haitunzi. Barabara ikichimbwa, ikipanuliwa, au gari likiigonga, nguzo huondolewa na kibao chake huenda nayo. Kwa hiyo kibao cha nguzoni kina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa wa karibu na siku ya picha, na cha ukutani kinaweza kuwa kizee mara nyingi kuliko kamera iliyokipiga. Kwenye lahajedwali nimeweka alama ya uzito: tarehe inayotokana na nguzo naiamini zaidi kuliko inayotokana na ukuta.

Budapest ni ukuta unaotunza kwa makusudi. Mitaa mingi ilibadilishwa majina baada ya mabadiliko ya utawala mwanzoni mwa miaka ya 1990, na kwenye kona nyingi kibao cha zamani kiliachwa mahali pake, kikapigwa mstari mwekundu wa mshazari kutoka pembe hadi pembe, na kibao kipya kikawekwa karibu. Vibao vyake vina namba ya wilaya kwa namba za Kirumi, na mara nyingi vinaonyesha namba za nyumba za kipande hicho cha mtaa. Kibao kilichokatwa kwa mstari, chenye namba za Kirumi na Kihungari, ni kati ya vitu vichache ambavyo nikiviona sihitaji kitu kingine.

Aprili

Berlin. Nilikuwa naisubiri, na imechukua karibu mwezi wote.

Kama nilivyoandika Januari, Berlin ina majengo yaliyobanana na bado inaweka majina kwenye nguzo. Kwenye kona kuna nguzo moja yenye vibao viwili vilivyopishana kwa pembe mraba, kila kimoja kikielekea kando ya mtaa wake, herufi nyeusi kwenye nyeupe, na vinasomeka pande zote mbili. Hamburg nayo ina nguzo, lakini vibao vyake ni vya bluu vyenye herufi nyeupe. Kwa picha isiyo na rangi hiyo inabaki kuwa tofauti inayoonekana: herufi nyeusi kwenye ardhi nyepesi, au kinyume chake.

Kitu cha pili cha Berlin ni namba za nyumba zinazoandamana na jina, kwa maandishi madogo. Miji mingine nayo hufanya hivyo, lakini Berlin ina sababu ya ziada. Mitaa yake mingi ya zamani ina namba zinazopanda upande mmoja hadi mwisho wa mtaa, kisha zinavuka na kurudi upande wa pili, mpangilio ulioanza mwishoni mwa karne ya 18. Mitaa mingine, hasa ya baadaye, ina namba witiri upande mmoja na shufwa upande wa pili. Mgeni aliyesimama kona hawezi kukisia namba 60 iko wapi. Inaweza kuwa ng'ambo ya barabara ikitazamana na namba 5. Bila zile namba ndogo kwenye nguzo, atatembea mtaa mzima bure. Nikiona picha yenye namba zinazofuatana bila kuruka, kama 17 hadi 19, naandika "Berlin ya zamani" pembeni kwa penseli, kisha nakagua.

Kitu cha tatu ndicho kilichonifurahisha zaidi. Wakati mji ulipokuwa umegawanyika, kila upande ulitengeneza vibao vyake, na herufi zake zikatofautiana. Vya Berlin Mashariki vina herufi nyembamba zilizobanwa, na ß, herufi ya Kijerumani inayosomwa kama s mbili, ya umbo la kawaida. Vya Berlin Magharibi vina herufi pana zaidi, na vina ß ya pekee: inaonekana kama s ndefu iliyounganishwa na z yenye mkia unaoshuka chini ya mstari. Herufi t na z pia zimeshikana. Kwa kuwa vibao vingi vina neno "straße", yaani mtaa, ndani yake, ß hiyo ipo mahali pengi. Unahitaji kuona herufi moja tu, na inakuambia upande wa mji.

Baada ya muungano, vibao vipya vilifuata mtindo wa Magharibi, hata vilivyowekwa Mashariki. Nilikuwa na picha moja ya rangi yenye nguzo moja na vibao viwili: kimoja kina herufi zilizobanwa, kingine kina ile ß yenye mkia. Nguzo hiyo haikutokea wakati wa mgawanyiko, kwa sababu upande mmoja usingeweka kibao cha upande mwingine. Haiko Magharibi pia, kwani hakukuwa na sababu ya kuleta herufi za Mashariki huko. Kinachobaki ni kona ya upande wa Mashariki, baada ya 1990, ambako kibao kimoja kilichakaa au mtaa ulipewa jina jipya na kikabadilishwa, na jirani yake kikaachwa. Nilifika hapo bila kusoma jina la mtaa wowote. Nilipokuza picha na kusoma, majina yote mawili yalikuwa Mashariki.

Mei, mwanzoni

Nguzo za Marekani. Hapa kuna hatari ya kukata tamaa, kwa sababu kijani chenye herufi nyeupe kimeenea miji mingi na kibao kinafanana na kingine. Lakini miji miwili imenipa zaidi ya nilivyotegemea.

New York ya zamani haikuwa ya kijani. Kuanzia mwaka 1964 kila eneo kuu la mji lilikuwa na rangi yake: Manhattan na Staten Island njano yenye herufi nyeusi, Brooklyn nyeusi yenye herufi nyeupe, Bronx bluu yenye herufi nyeupe, Queens nyeupe yenye herufi za bluu. Kijani kilianza kuchukua nafasi katika miaka ya 1980. Hapa ndipo picha za rangi zinapokuwa dhahabu: kibao cha njano kinatoa mji, maeneo mawili tu yanayowezekana, na kipindi. Kwa picha isiyo na rangi unaweza angalau kutenga herufi nyeusi na nyeupe, yaani Manhattan na Brooklyn hazichanganyiki. Kabla ya hapo Manhattan ilikuwa na vibao vya enameli vyenye nundu juu katikati, na kwenye nundu hiyo jina la mtaa unaokatiza. Mtu asiyejua anaweza kuichanganya nundu hiyo na kile kipande cha juu cha Paris, lakini cha Paris kina namba na kiko ukutani, na hiki kina jina na kiko nguzoni.

Chicago imenipa hesabu. Vibao vyake, mbali na jina, vina namba ya mtaa huo kwenye gridi ya mji, na herufi ya upande wa dira. Gridi inaanzia makutano ya State na Madison, na namba 800 ni sawa na maili moja. Tuseme picha ina nguzo yenye vibao viwili, kimoja kina 1600 N na kingine kina 2400 W. Gawa 1600 kwa 800, unapata maili 2 kaskazini. Gawa 2400 kwa 800, unapata maili 3 magharibi. Hiyo ni kona ya North Avenue na Western Avenue, kama kilomita 3.2 kaskazini na 4.8 magharibi ya kitovu. Hata majina yakiwa yamefutika kabisa na namba zikabaki, kona inapatikana. Kusini mwa Madison lazima uwe mwangalifu, kwa sababu maili za kwanza upande huo hazikugawanywa kwa 800 sawasawa.

Mei, mwishoni

Vibao vya kuigiza. Nimewekea safu yake kwa sababu vinajitokeza mara nyingi kuliko unavyodhani, hasa vya Paris. Mgahawa wowote duniani unaweza kununua kibao cha bluu chenye fremu ya kijani na kukitundika.

Njia yangu ya kukagua ni mahali kilipo, si muonekano wake. Kibao halisi kipo kwenye kona, juu kuliko kichwa cha mtu, na ukizunguka kona utakuta mwenzake kwenye ukuta wa pili wenye jina la mtaa wa pili. Cha kuigiza kiko katikati ya ukuta, kwenye usawa wa macho, mara nyingi karibu na mlango, na hakina mwenzake. Vilevile namba: vibao viwili vya kona moja ya Paris kwa kawaida vina namba moja ya wilaya. Vikitofautiana si lazima kuwe na kosa, kwani mtaa unaweza kuwa ndio mpaka wa wilaya mbili, na kila upande ukabeba namba yake. Hapo ramani ya wilaya inaamua kwa dakika moja.

Roma nayo ina kinga yake dhidi ya kuigwa: katikati ya mji jina limechongwa kwa herufi kubwa kwenye bamba la jiwe jeupe, likatiwa rangi nyeusi, na kwenye pembe kuna R, yaani rione, na namba ya Kirumi ya wilaya hiyo ya kale, kama R. IX. Bati haliwezi kuiga kina cha mchongo, na mwanga wa pembeni kwenye picha huonyesha kivuli ndani ya kila herufi. Mitaa ya nje ya Roma ina mabamba kama hayo kwenye nguzo mbili, na hilo tena ni lile jambo la kinyume: jiwe zito la ukutani limesimamishwa nguzoni. Venice haina kibao hata kidogo kwenye mitaa mingi. Jina limepakwa moja kwa moja kwenye lipu nyeupe iliyozungushiwa mstari mweusi, na wenyeji huziita nizioleti. Nimeandika "hakuna kibao, kuna lipu" kwenye safu ya kwanza kabisa.

Juni

Utaratibu sasa unakwenda hivi, na ndio ninaotumia kwa kila picha mpya. Kwanza kinachokishika kibao. Pili, kama kinakubaliana na majengo. Tatu, mstari mdogo: namba za wilaya ziko wapi, za Kirumi au za kawaida, kuna namba za nyumba, kuna lugha ngapi na ipi iko juu. Nne, umbo la herufi. Rangi ni ya tano, na ninaijaza baada ya kumaliza zile nne, ili isinivute kabla ya wakati. Jina la mtaa ni la mwisho, kwa kuthibitisha.

Kuna picha nne ambazo bado hazijakubali. Tatu zina vibao vya ukutani vya mstatili vyeusi vyenye herufi nyeupe, bila mstari mdogo wowote. Kwa vibao vya aina hiyo utaratibu huu hauna la kusema, na nimezirudisha kwenye bahasha ili tuzitafute kwa namba za magari na maandishi ya maduka. Ya nne ina nguzo, majengo yaliyobanana, na kibao cheusi chenye mshale na namba mbili za mamia chini ya jina. Naielekeza Buenos Aires, ambako kila kipande cha mtaa kati ya kona mbili kinachukua takriban namba mia moja na mshale unaonyesha magari yanakoelekea. Namba zinazosomeka ni 800 na 900. Kinachofuata ni kukuza kona ya juu kushoto ya picha, ambako kuna kibao cha mtaa wa pili, na kuona kama namba zake zinaangukia kwenye makutano yaliyopo kwenye ramani ya mji huo.